‘Hamjanijibu’ na ‘sijapata jibu’: Lugha ya kuulizia ombi la kazi

Wiki chache zilizopita, kijana mmoja wa Gede aliyehitimu ualimu alinionyesha barua pepe aliyokuwa ameiandikia shule moja ya kibinafsi mjini Malindi. Shule ilikuwa imetangaza nafasi ya mwalimu wa Kiswahili, na kwa jambo lililonifurahisha sana, tangazo lilitaka waombaji waandike kwa Kiswahili. Kijana alituma ombi, akangoja wiki moja, kimya. Akaandika tena. Kimya kikazidi. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: “Mwalimu, kwani nilikosea wapi?”

Siwezi kusema kwamba ni lugha iliyomnyima kazi. Shule hunyamaza kwa sababu nyingi, na nyingine hazihusiani na mwombaji hata kidogo. Ila barua yenyewe inastahili kuchambuliwa, maana ni mfano halisi wa zile zinazoandikwa kila siku kutoka Mtwapa hadi Mambrui na watu wanaokijua Kiswahili vizuri wanapokizungumza, kisha wanakipoteza pindi wanapofungua kompyuta. Kwa ruhusa yake naiweka hapa nzima:

“Mpendwa Bwana/Bibi. Natumai barua pepe hii inakupata vizuri. Nilitaka tu kufuata juu ya ombi langu la kazi ambalo nilituma wiki iliyopita. Hadi sasa hamjanijibu. Tafadhali nijulishe kuhusu hali yake haraka iwezekanavyo. Natazamia kusikia kutoka kwako. Asante mapema.”

Hakuna kosa la tahajia hapo. Mtahini wa insha huenda angempa alama nzuri. Lakini msome mtu huyu kama anavyosomwa na mwalimu mkuu mwenye barua sitini mbele yake, nawe utasikia sauti mbili zinazogombana: moja inanyenyekea, nyingine inadai. Mwandishi hakukusudia kudai. Sarufi ndiyo iliyodai kwa niaba yake.

Tuanze na sentensi iliyo moyo wa barua yote: “Hadi sasa hamjanijibu.”

Kiswahili kina njia kadhaa za kusema kwamba jibu halipo, na kila moja inamweka msomaji mahali pake. “Hamkunijibu” inafunga mlango. Kiambishi -ku- cha ukanushi wa wakati uliopita kinasema jambo lilikuwa na nafasi yake, nafasi hiyo ikapita, na basi. Anayeandika hivyo baada ya siku saba amekwisha kutoa hukumu. “Hamjanijibu” ni afadhali kidogo, kwa sababu -ja- huacha mlango wazi: jambo halijatendeka lakini bado linatarajiwa. Hadi hapo kijana wetu alichagua vyema. Tatizo lake liko kwenye viambishi vilivyoizunguka hiyo -ja-. Kuna ham-, yaani ninyi, na kuna -ni-, yaani mimi. Neno moja limewasimamisha watu wawili uso kwa uso, mmoja akiwa mkosaji na mwingine mkosewa.

Sasa linganisha na “sijapata jibu”. Kiambishi -ja- kipo palepale, matarajio ni yaleyale, lakini “ninyi” ametoweka. Anayezungumziwa ni mimi na hali yangu. Kwa nini sijapata? Labda jibu halijaandikwa. Labda limeandikwa likaangukia kwenye folda ya barua taka. Labda ombi lenyewe halikufika. Sentensi haisemi, na kwa kutosema inamsitiri msomaji. Mwalimu mkuu ambaye kweli aliisahau barua anaweza kujibu bila kulazimika kwanza kuomba radhi. Watu wanaochelewa kujibu huchelewa zaidi wakijua kwamba jibu lao lazima lianze kwa kujitetea.

Kuna wanaopenda kwenda hatua moja mbele na kuandika “jibu lenu halijanifikia”. Inapendeza sikioni, na wazee wa Pwani huipenda kwa jinsi inavyolifanya jibu kuwa msafiri. Binafsi naitilia shaka katika muktadha huu, kwa kuwa inadokeza kwamba jibu limekwisha kutoka ofisini na liko njiani. Kama halijaandikwa, msomaji anaweza kuisoma kama kejeli. “Sijapata jibu” haina hatari hiyo.

Yapo pia maneno mawili ya mwanzo, “hadi sasa”. Yaweke kando ya “kufikia leo” uone. “Hadi sasa” hubeba mshangao, kama mtu anayetazama saa huku akiguna. “Kufikia leo” inataja tarehe tu. Nalo “bado” likiongezwa, “bado sijapata jibu”, subira inaonekana kukaribia kwisha, kwa kuwa kazi ya “bado” ilikuwa imekwisha kufanywa na -ja-. Katika mazungumzo ya barazani haya hayana uzito, kwani sauti na uso hurekebisha. Kwenye maandishi hakuna uso.

Neno la pili linalohitaji kutazamwa ni kitenzi cha barua: “kufuata juu ya ombi langu”. Hiki ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kufuata ni kwenda nyuma ya mtu au kitu, na “kufuata juu ya” haina maana yoyote ambayo mtu asiyejua Kiingereza angeipata. Wengi wameligundua hilo na kusahihisha kwa “kufuatilia”, ambalo ni neno sahihi na linatumika kote Kenya. Hata hivyo, sikiliza linavyotumika: polisi hufuatilia kesi, mdai hufuatilia deni, mkaguzi hufuatilia hesabu. Anayefuatilia ana haki au mamlaka juu ya kinachofuatiliwa. Mwombaji kazi hana haki hiyo bado.

Neno tunalo, na linasemwa Malindi kila siku: kuulizia. Kutoka kuuliza tunapata kuulizia, yaani kutaka habari za mtu au kitu kisichokuwepo mbele yako. Mtu huulizia bei, huulizia mgonjwa, huulizia mzigo uliotumwa kwa basi. Hakuna lawama ndani yake. Ni neno linalotoka katika desturi inayofahamu vizuri kungojea jibu. Fikiria posa. Wazee wa mume wakishapeleka neno, wazee wa mke aghalabu hawajibu papo hapo. Husema wapewe muda wawatafute jamaa wote. Siku zikipita, mshenga hurudi. Hasemi “hamjatujibu”, wala hasemi amekuja kufuatilia. Anasema wamekuja kuulizia lile neno lao limefikia wapi. Huyo mshenga anafanya hasa kile anachotaka kufanya mwombaji kazi, tena akiwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Kuhusu “nilitaka tu”, yapo mambo mawili. Katika mazungumzo, wakati uliopita ni njia halali ya kupunguza makali: mtu anapiga simu na kusema “nilikuwa nauliza kuhusu ile kazi”, na kila mtu anaelewa kwamba anauliza sasa hivi. Kwenye barua, “nilitaka” inaweza kusomwa kwamba haja imekwisha. Na hiyo “tu” haipunguzi makali, inapunguza thamani. “Nauliza tu” ndilo jibu la mtu aliyeulizwa “kwani vipi?” naye akarudi nyuma. Andika “naomba kuulizia” na usonge mbele. “Ningependa kuulizia” pia inakubalika, ingawa sioni inachozidi. Ila mwombaji ajihadhari na “ningependelea”, ambalo limeenea mno miongoni mwa wasomi wetu. Kupendelea ndiko kunakozaa upendeleo, na hilo si neno la kulitia katika barua inayoenda kwa wanaoajiri.

Salamu ya mwanzo nayo ina kisa chake. Wakosoaji wengi wa lugha huikataa “natumai barua pepe hii inakupata vizuri” kwa hoja kwamba kutakia hali katika barua ni mtindo wa Kizungu. Hapo wanakosea. Barua za Kiswahili zilikuwa na salamu ndefu kabla hata hatujaanza kutumia hati za Kirumi. Zipo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo leo zimehifadhiwa Goa, India, na mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili wa Büttner uliochapishwa Berlin mwaka 1892 una barua tele za namna hiyo. Barua ya Pwani ya zamani ilimtaja kwanza anayeandikiwa kwa heshima zake, ikampa salamu, ikaeleza hali ya mwandishi, kisha ikaja alama ya kugeuka: “ama baada ya salamu”. Hapo ndipo haja ilipoanza, nayo ilisemwa bila kuzungushwa.

Kwa hiyo kasoro ya sentensi ya kijana wetu si kwamba inasalimu. Kasoro ni kitenzi na wakati wake. Salamu katika Kiswahili humfikia mtu. Kinachompata mtu, mara nyingi, ni jambo la kumsikitikia: ajali ilimpata, maradhi yamempata, msiba umewapata. “Barua pepe hii inakupata” inanifanya nitake kumpa pole anayeipokea. Tena dua na matakwa huenda katika hali ya dhamira, “ikufikie”, si katika wakati uliopo kana kwamba mwandishi anaiona barua ikimfikia mtu. Kama mtu anataka kusalimu, aandike “Salamu kwako, Mwalimu, na kwa walimu wote” kisha “Baada ya salamu…”, na atakuwa ameandika Kiswahili ambacho babu yake angekielewa. Kama hataki, aiache kabisa. Barua ya ofisini haihitaji kujua afya ya mtu.

“Tafadhali nijulishe” imezoeleka mno kiasi kwamba hatuisikii tena. Jiulize ni wapi unakutana na “tafadhali” mara nyingi zaidi katika Kiswahili cha Kenya. Ni kwenye vibao: tafadhali usikanyage nyasi, tafadhali lipa kabla ya kuhudumiwa. Ni amri iliyofunikwa kitambaa. Ukiongeza “haraka iwezekanavyo”, kitambaa kinaanguka. Kiswahili huomba kwa kitenzi kuomba, chenye nafsi ya anayeomba: “naomba kujulishwa”. Hata kitenzi cha pili kimegeuzwa kuwa cha kutendwa, na yule anayetakiwa kujulisha hakutajwa.

Miisho ya barua niipitie upesi. “Kusikia kutoka kwako” ni tafsiri ya neno kwa neno. Barua haisikiki, “nasubiri jibu lenu” inatosha. “Asante mapema” vivyo hivyo, ilhali “natanguliza shukrani” ipo na ni nzuri. “Mpendwa Bwana/Bibi” inamwambia msomaji kwamba hukujisumbua kujua cheo chake. Andika “Kwa Mwalimu Mkuu”. Na palipo kichwa, wanafunzi wetu hufundishwa KUH: au MINT:, Watanzania huandika YAH:. Yoyote kati ya hizo inafaa, mradi kinachofuata kiwe mahususi. Afadhali zaidi ni kuijibu barua yako ileile ya kwanza, ili programu iweke yenyewe `Re:` na ombi lako la awali libaki chini, msomaji asihitaji kulitafuta.

Lipo kosa ambalo si la sarufi lakini limejificha katika maneno “wiki iliyopita”. Tuseme ombi lilitumwa Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa, tarehe 10. Jumatatu ya tarehe 13 mwombaji anahesabu siku saba na kuona amengoja vya kutosha. Lakini kwa upande wa shule imepita siku moja ya kazi, labda isitimie, tangu sanduku lifungwe. Hakuna aliyeanza kusoma. Wiki ya mwombaji huanza siku aliyotuma. Wiki ya mwajiri huanza siku ya mwisho iliyotangazwa. Ndiyo hii ya pili inayohesabiwa, na kwa hivyo barua ya kuulizia ingefaa kutumwa tarehe 17 au, bora zaidi, Jumatatu ya tarehe 20. Ndani yake itajwe tarehe kamili ya ombi. “Wiki iliyopita” haimsaidii mtu anayesoma barua siku nne baada ya kuandikwa.

Basi barua ingekuwaje? Nilimwandikia hivi:

“KUH: Ombi la kazi ya ualimu wa Kiswahili lililotumwa tarehe 6 Mei 2024. Kwa Mwalimu Mkuu. Salamu kwako na kwa walimu wote. Baada ya salamu, naomba kuulizia ombi langu la kazi ya kufundisha Kiswahili, nililolituma kwa barua pepe tarehe iliyotajwa hapo juu pamoja na viambatisho vitatu. Kufikia leo sijapata jibu, nami sina hakika kama lilifika. Ikiwa lilifika, naomba kujulishwa limefikia hatua gani, au ni lini waombaji wanaweza kutarajia kupata habari. Ikiwa halikufika, nitalituma tena mara moja. Natanguliza shukrani. Wako mwaminifu.”

Tazama kinachofanywa na “sina hakika kama lilifika”. Si unyenyekevu wa kubuni. Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu huwa vizito, na barua yenye viambatisho vizito inaweza kukataliwa na sanduku la mpokeaji. Wakati mwingine mtumaji hupata taarifa, wakati mwingine hapati. Swali la kweli linampa msomaji jambo jepesi la kujibu. “Limefika” ni neno moja, na ofisi iliyokwisha kuandika neno moja ni rahisi kuandika la pili.

Hakuna kingine ndani ya barua hiyo. Hakuna “mimi ni mchapakazi”, wala “nina uhakika nitaifaa shule yenu”, wala wasifukazi ulioambatishwa upya bila kuombwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ya matangazo ya kazi za umma hapa nchini, zikiwemo za kaunti, ambayo mara kwa mara humalizia kwa sentensi mbili: kwamba watakaowasiliana nao ni walioteuliwa kwa mahojiano pekee, na kwamba kushawishi kwa namna yoyote kutamwondoa mwombaji kinyang’anyironi. Sentensi ya pili huwatia watu hofu wakanyamaza kabisa. Lakini kuulizia si kushawishi. Tofauti iko kwenye kinachoulizwa. “Ombi langu limefikia hatua gani?” linahusu utaratibu, na karani yeyote anaweza kulijibu. “Naomba mnifikirie” linahusu uamuzi wenyewe, na hapo ndipo penye shimo. Kumtaja mtu unayemjua ndani ya ofisi hiyo ni kulirukia shimo kwa miguu miwili.

Nimeulizwa pia kama haya yote yana faida yoyote, ikiwa ofisi nyingi za Kilifi huandikiana kwa Kiingereza na hoteli za Malindi na Watamu huongeza Kiitaliano. Kwa hoteli, mwombaji afuate lugha ya tangazo; sioni busara ya kumlazimisha mwajiri wa kibinafsi. Kwa ofisi ya umma mambo ni tofauti. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema waziwazi kwamba maombi ya habari yanaweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Sheria hiyo inampa afisa wa taasisi ya umma siku 21 tangu kupokea maombi awe ameamua.

Mwombaji wa kazi ya umma ambaye barua yake ya kuulizia imekaa wiki tatu bila neno anaweza basi kuandika barua ya aina nyingine, akiitaja sheria hiyo na kueleza habari anayoitaka: kama shughuli ya uteuzi imekamilika, na lini. Katika barua hiyo “sijapata jibu” haifai tena. Atahitaji kusema, “Niliandika tarehe 20 Mei, sikupata jibu.” Ile -ku- tuliyoikataa mwanzoni sasa iko mahali pake.

Kijana wa Gede hahitaji kufika huko, maana shule aliyoiandikia si ya umma. Aliituma barua mpya Jumatatu asubuhi. Alhamisi akajibiwa kwa mistari miwili: ombi lilifika, mahojiano yatafanyika baada ya likizo. Hakuna aliyemwambia kama jina lake limo.